Usiku wa Usipa

Ukifungua jalada la kesi ya jinai nchini mwetu, utakuta majibu bila maswali. Kwa kawaida hakimu huandika ushahidi kama maelezo ya moja kwa moja. Yote aliyoyapanga wakili katika kumhoji shahidi, na hata swali aliloliacha makusudi, huwa hayaonekani tena. Mwandishi wa tamthilia ya mahakamani ndiye anayeturudishia, na akiwa fundi huyarudisha kwa mpangilio wake.

Tuseme ameiweka tamthilia yake katika mahakama ya wilaya, Mbamba Bay, kule barabara ya kutoka Mbinga inakoteremka vilima vya Umatengo hadi Ziwa Nyasa. Mvuvi anashtakiwa kuiba nyavu ufukweni usiku. Kabla ya kesi tumepitishwa sokoni, tukasikia watu wakinong'ona kwamba aliwahi kufungwa kwa wizi. Hakimu hatalisikia hilo. Sheria ya Ushahidi ya 1967 haiuruhusu upande wa mashtaka kuleta tabia mbaya ya mshtakiwa, isipokuwa yeye mwenyewe ametangulia kujitetea kwa tabia njema. Sisi tumelisikia, tukamhukumu tukiwa bado sokoni. Ufundi wa mwandishi umeanzia hapo.

Shahidi mkuu ni mvuvi mwenzake. Anasema alimtambua mwizi kwa mbalamwezi, akiwa umbali wa hatua thelathini. Wakili wa utetezi anasimama kwa maswali ya dodoso, na swali lake la kwanza haligusi mwezi hata kidogo. Anauliza kama shahidi alikuwa na tochi. Hakuwa nayo. Je, palikuwa na moto ufukweni? Haukuwepo. Taa za uvuvi je? Zilikuwa mitumbwini, mbali majini. Kila jibu ni dogo na halimuumizi mtu, kwa hiyo shahidi anajibu bila wasiwasi. Kumbe njia zake zote za kutorokea zinafungwa: hataweza tena kusema kwamba aliona kwa mwanga mwingine.

Ndipo anaulizwa walikuwa wakivua nini. Usipa. Mnamvuaje? Kwa taa, anafuata mwanga. Na mwezi ukiwa mpevu? Shahidi anacheka kidogo, kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto: mwezi ukiwaka hatutoki, usipa hawakusanyiki kwenye taa. Wakili anasema, "Sina swali lingine, Mheshimiwa," na kuketi.

Kuketi huko nakuhusudu kuliko maswali yote. Wakili mchanga angeongeza, "Basi uliionaje mbalamwezi?" na shahidi angepata nafasi ya kujitengenezea jibu. Mwaka 1858 huko Illinois, Abraham Lincoln, akiwa bado wakili, alimwokoa mshtakiwa wa mauaji kwa kutoa almanaka mahakamani na kuonyesha kwamba mwezi ulikuwa karibu kutua. Wakili wetu hahitaji kitabu. Kazi ya shahidi mwenyewe imetoa ushahidi.

Lakini hadi hapo tumepoteza imani kwa shahidi tu. Mshtakiwa bado tunamwona mwizi aliyepata wakili mzuri. Kumgeuza yeye kunahitaji adui, na mwandishi anamtumia wakili wa serikali, ambaye sasa anamhoji mshtakiwa. Mnadaiana na mwenye nyavu? Ndiyo, ananidai nami namdai, hatujalipana tangu masika. Ulimkasirikia? Nilimkasirikia sana. Usiku ule ulipita ufukweni? Nilipita. Kila jibu linamkandamiza. Wakili anaona ushindi, anauliza swali ambalo hakulijua jibu lake: "Mbona unakubali yote haya?"

"Umeniuliza, Mheshimiwa. Nyavu sikuchukua."

Hapo hakutetewa na mtu, wala hakugeuzwa malaika. Ana hasira, ana deni, na pengine ana kifungo cha zamani. Ila katika chumba kile ndiye peke yake aliyejibu maswali yaliyomwumiza bila kuyakwepa. Mwandishi dhaifu angemletea hapa shahidi wa ghafla au mwizi halisi anayeungama, na tabia ya mtu huyu tusingeijua kamwe.

Hukumu inakuja kavu. Hakimu anarejea Waziri Amani, uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa 1980 unaodai kwamba utambuzi wa kuona upimwe kwa umbali, muda, mwanga na kufahamiana kwa shahidi na mtuhumiwa, na usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Kufahamiana kupo, na hatua thelathini si mbali. Mwanga haukuwepo. Mshtakiwa anaachiwa huru.