Koti Hupimwa kwa Ndani

Koti la suti linalouzwa mitumbani huko Gairo au Kilosa mjini hukaguliwa kwa haraka. Mnunuzi hutazama rangi, husoma lebo, hulivaa juu ya fulana na kuuliza wenzake kama linamkaa. Jambo la maana zaidi limefichwa kati ya kitambaa cha nje na bitana, na halionekani mpaka uliguse kwa vidole. Kwa watu wa Berega suala hili lina uzito wake. Hapa koti ni vazi la Jumapili kanisani, la harusi na la mzee kikaoni. Likinunuliwa linatakiwa lidumu miaka, na duka la kusafisha nguo kwa kemikali haliko hatua mbili kutoka nyumbani.

Tuanze kifuani. Sehemu ya mbele ya koti lililoshonwa kwa ufundi haisimami kwa nguvu ya kitambaa cha nje. Ndani yake kuna kanvasi, lakini si ile nzito ya mahema na maturubai iliyokuwa ikifumwa kiwandani Morogoro. Kanvasi ya koti ni nyepesi na ina mnepo: nyuzi za pamba au sufu zimefumwa pamoja na singa za farasi au manyoya ya mbuzi. Singa ndizo zinazorudisha kifua mahali pake kila unapoinama. Fundi huishikiza kanvasi kwenye kitambaa kwa mishono midogo ya mshazari, hasa kwenye ukosi wa kifuani, huku akiukunja ukosi juu ya kidole wakati wa kushona. Mkunjo ule unashonewa ndani, ndiyo maana ukosi wa koti zuri hujiviringa taratibu kuelekea kwenye kifungo. Ukosi wa koti la bei nafuu hulala bapa kama bahasha iliyopigwa pasi.

Njia ya pili ya kusimamisha kifua ni gundi. Kiwanda huchukua kitambaa chepesi chenye vidoto vya plastiki upande mmoja, hukiweka nyuma ya kitambaa cha koti na kukibana kwa mashine yenye moto. Vidoto huyeyuka na kuvigandisha vitambaa viwili vikawa kimoja. Kazi ya saa nyingi za sindano inaisha kwa sekunde chache. Siidharau njia hii, kwa sababu gundi nzuri iliyobanwa kwa moto sahihi hudumu, na bila gundi suti isingefika bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi anaimudu. Makoti mengi sokoni, ya dukani na ya mitumba, ni ya gundi. Kuna pia ya katikati: kanvasi ya kushonwa kifuani na kwenye ukosi, kisha gundi kuanzia tumboni kwenda chini.

Kutofautisha hakuhitaji kufumua kitu. Shika upande wa mbele karibu na tundu la kifungo cha chini, kidole gumba kikiwa nje na cha shahada ndani, kisha vitenganishe vitambaa kwa kuvivuta taratibu. Ukihisi kitambaa cha tatu kinateleza peke yake kati ya viwili, hiyo ni kanvasi iliyoachwa huru. Ukikuta viwili tu, na cha nje kina ugumu ambao mgongo wa koti hauna, hiyo ni gundi. Rudia jaribio kifuani, chini kidogo ya ukosi. Kifuani kukiwa na tabaka tatu na chini mbili, umeshika koti la katikati.

Kama ni la gundi, lipeleke kwenye mwanga na ulilaze mshazari. Vijivimbe vidogo kifuani, kama rangi ya ukuta iliyoanza kubanduka, maana yake gundi imeachia. Muuzaji atasema ni mikunjo ya kwenye robota na itaondoka kwa pasi. Mikunjo ya robota huwa na mistari, ilhali gundi iliyoachia huleta mapovu ya duara. Pasi inaweza kuyalaza kwa siku moja, lakini yatarudi, na ni vigumu kwa fundi kuibandika gundi ile upya bila kulifumua koti.

Mabegani kazi ni nyingine. Pedi haiwekwi ili kumfanya mtu awe na mabega ya askari. Inajaza bonde kati ya shingo na ncha ya bega, koti lining'inie wima kutoka hapo. Pedi nzuri ni matabaka ya pamba yaliyopangwa kama nusu mwezi, nene upande wa mkono na nyembamba kabisa upande wa shingo, kisha yakashikizwa kwa uzi. Ya bei nafuu ni kipande cha sponji. Ibonye: sponji hurudi palepale kwa nguvu, pamba hurudi polepole. Pitisha kiganja juu ya bega ukiwa umelivaa koti. Ukihisi ukingo wa pedi, au ukauona kwenye kioo kama mstari chini ya kitambaa, fundi hakuipunguza unene ipasavyo. Sponji ina ugonjwa wake pia: ikizeeka hugeuka njano, kisha hupukutika kuwa unga. Koti la mitumba ambalo bega lake linatoa mchakacho mkavu ukilibinya limeshafika huko. Kasoro hii isikutishe sana. Kubadilisha pedi ni kazi ya fundi yeyote mwenye subira, na ni sababu nzuri ya kuomba bei ishuke.

Bitana watu huitazama kwa kung'aa kwake, na hapo hukosea. Tazama kwanza nafasi. Katikati ya mgongo, kwa ndani, bitana inatakiwa iwe na pindo la ziada linalofunguka unaponyoosha mikono, na chini kwenye upindo wa koti iwe na mkunjo mdogo uliolegea. Bitana iliyokatwa sawasawa na koti bila nafasi hiyo itachanika makwapani, hata ingekuwa ya hariri. Halafu uliza ni ya nini. Chomoa uzi mmoja wa kitambaa cha bitana chenyewe, si ule wa kushonea, kwenye ukingo wa mshono wa ndani na uuchome, mbali na koti. Ukiungua kama karatasi na kuacha jivu laini, ni viskosi au jamaa zake, na kwa joto la bonde la Mkondoa hiyo ndiyo utakayoishukuru, kwa kuwa inapokea jasho. Ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, ni polista: imara, lakini itakugandia mgongoni kabla mahubiri hayajaisha.

Sasa tulitie koti la mfano kwenye beseni. Tuseme la nje ni sufu, kanvasi ni pamba na singa, bitana ni polista, pedi ni pamba, na urefu wa mgongo ni sentimita 75. Sufu ikiingia maji ya moto na kusuguliwa, magamba madogo ya nyuzi zake hushikamana na kitambaa kinajikaza. Sabuni ya mche, ambayo ni kali kwa sufu, huongeza kasi. Kikipungua kwa asilimia 4 tu, sentimita 3 zimekwenda. Bitana ya polista haikupungua hata kidogo. Mkunjo wa chini ulikuwa na akiba ya kama sentimita moja au mbili, basi bitana sasa ni ndefu kuliko koti, inafanya tumbo chini ya upindo na kuchungulia nje. Kama bitana ingekuwa ya viskosi mambo yangegeuka: viskosi hupungua nayo, na ikiwa imelowa hupoteza karibu nusu ya nguvu yake, kwa hiyo ukiikamua inaachia kwenye mishono.

Kifuani kuna balaa jingine. Pamba iliyo kwenye kanvasi inapungua kwa kiwango chake, sufu kwa chake, na uzi wa mshazari umezifunga pamoja. Kinachotokea ni mikunjo isiyonyooka, na ukosi uliokuwa ukijiviringa unaanza kujipinda kuelekea nje. Kwenye koti la gundi, maji ya moto na kukamua hulegeza vidoto, na mapovu tuliyoyaona sokoni yanazaliwa hapo. Pedi ya pamba hujikusanya kuwa madonge. Hata madonge yasipotokea, bega hubaki bichi ndani muda mrefu baada ya kitambaa cha nje kukauka, na ubichi huo huleta harufu na doa la mzunguko. Zaidi ya hayo, umbo la koti halikutokana na mkasi peke yake. Fundi alilivuta na kulifinyanga kwa pasi na mvuke, hasa begani na kifuani. Maji hukirudisha kitambaa kwenye ubapa wake wa mwanzo, na pasi ya mkaa juu ya ubao bapa haiwezi kurudisha duara la kifua.

Kaunda suti ndiyo inayoeleza jambo hili vizuri kuliko maelezo yote. Haina kanvasi kifuani wala pedi nzito, na mara nyingi haina bitana. Ni kitambaa kimoja na mishono yake, kwa hiyo inaloa, inapungua na kukauka kwa pamoja. Mzee aliyezoea kuifua Kaunda suti yake kila wiki na kuianika uani huona ajabu koti likikataa matunzo yaleyale. Kwenye lebo ya koti, alama ya beseni lililopigwa msalaba inakataza kufua kwa maji. Duara lenye herufi P linaruhusu kusafishwa kwa kemikali, ambayo haivimbishi nyuzi kama maji, ndiyo maana tabaka zote hubaki na vipimo vyake.

Kwa mtu wa Berega safari ya kusafisha koti hivyo ni ya Morogoro mjini, na ukifika uliza kabisa kama wana mashine ya kemikali, kwa kuwa wapo madobi hodari sana wa pasi ambao bado wanafua kwa maji. Mara moja kwa mwaka inatosha kama koti linatunzwa. Likivuliwa, lipigwe brashi vumbi likiwa bado kavu, kwa kufuata upande wa nyuzi. Lining'inizwe kivulini, ndani nje, kwenye henga pana au mti uliozungushiwa kitambaa hadi ufikie unene wa bega, si kwenye waya unaotoboa pedi. Doa lishughulikiwe peke yake kwa kitambaa kilichokamuliwa, kwa kugusagusa bila kusugua. Pasi ya mkaa ipite juu ya kitambaa chenye unyevu kilichotandazwa katikati, na kifuani iinuliwe na kushushwa, isiburutwe.

Jasho la makwapani ndilo linalowashinda wengi. Bitana ifutwe kwa ndani na kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kisha kwa maji matupu, mara baada ya kuvaa, kabla chumvi haijakaukia kwenye nyuzi. Ikishindikana, fundi afumue bitana, aitoe pamoja na pedi, bitana ifuliwe peke yake au ikatwe mpya, kisha irudishwe. Koti lenye kanvasi ya kushonwa linastahimili kufumuliwa hivyo hata mara mbili tatu katika maisha yake. La gundi pia hufumuliwa bitana, ila mpe fundi sharti moja kabla hajaanza: asilowanishe kifua.