Mkono wa Mwenye Kitalu

Mtazame mwenye kitalu cha maua kando ya barabara anapomwagilia asubuhi. Viriba vingi anavipita. Hiki anakiinua kidogo, anakipima uzito mkononi, anakirudisha chini kikavu hivyo hivyo. Kile anakitumbukiza kidole, kisha ndipo anainamisha kopo. Ufundi wake wote umo katika kujua nani asipewe maji leo, na ndio anaoukosa mnunuzi ambaye kila mmea anaoupeleka nyumbani haumalizi mwezi.

Naumwagilia kila siku, mbona unakufa?
Unakufa kwa sababu hiyo hiyo. Mizizi huhitaji hewa iliyomo kati ya chembe za udongo. Udongo usipopata nafasi ya kukauka, maji hujaza mahali pa hewa hiyo, mizizi hukosa pumzi na kuoza. Tumbukiza kidole hadi pingili ya pili. Ukikuta unyevu, ngoja. Ukikuta pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha umwage yaliyobaki kwenye kisahani.

Lakini majani yamelegea. Si kiu hiyo?
Mmea uliooza mizizi nao hulegea, kwa kuwa hauna cha kunywea. Chukua mfano wa mmea ule wenye majani mazito yanayong'aa, unaoota wenyewe katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania na leo umejaa maofisini. Chini ya udongo una matunguu yanayoweka akiba ya maji, hivyo huvumilia wiki kadhaa bila kumwagiliwa. Ukiona majani yake yamegeuka manjano, shina limelainika chini na udongo ungali umelowa, usiongeze maji. Uchomoe. Mizizi mizima ni migumu na myeupe. Iliyooza ni ya kahawia, inateleza na inanuka. Kata iliyooza, panda upya katika udongo mwepesi wenye mchanga, na usimwagilie kwa siku chache. Matunguu yakiwa yamegeuka uji yote, hakuna tena cha kuokoa.

Chungu changu hakina tundu, ila nimeweka kokoto chini.
Kokoto hazitoi maji nje. Yanatuama pale pale, na udongo ulio juu yake unabaki umelowa. Toboa tundu, au acha mmea ndani ya kiriba chake na chungu kiwe cha pambo tu.

Niliuweka juani, majani yakaungua.
Kitaluni ulikuwa chini ya neti ya kivuli. Uanze na jua la asubuhi kwa saa moja, uongeze kidogo kidogo kwa wiki mbili. Wa kivulini kwa asili yake, uache kivulini.

Katika mwezi wa kwanza tangu uupeleke mmea nyumbani, usiutie mbolea wala usiuhamishie chungu kikubwa, maana udongo mwingi hukaa na maji mengi. Kila asubuhi inua chungu kabla ya kushika kopo. Kikiwa kizito, kirudishe chini uende zako kazini.