Pete ya Gatuanyaga: topazi haikustahili kidole kile

Waliohudhuria harusi ile ya Gatuanyaga waliiona pete kutoka viti vya nyuma. Jiwe la duara, milimita 8, limeinuliwa juu ya makucha manne, na kwa jua la mchana ule liliwaka. Sasa pete imerudi mjini Thika. Katikati ya jiwe pamefifia kama kioo cha dirisha, pembeni pana ufa ulionyooka, na jamaa wa pande zote mbili wanamlaumu fundi aliyelikaza. Nimeikagua pete hiyo kwa lenzi. Fundi amefanya kazi safi: kulehemu hakuonekani, makucha yamelingana, kipimo cha kidole ni sahihi. Kosa lilifanyika kaunta, pale topazi nyeupe ilipochaguliwa ilhali zirkonia na safaya nyeupe zilikuwa kwenye trei hiyohiyo.

Tukae kwenye kaunta hiyo kidogo, kwa sababu kila kilichofuata kilianzia hapo. Bwana harusi alisema wazi anachotaka: pete inayofanana na ya almasi, kwa bei anayoimudu, ya kuvaliwa kila siku. Bibi harusi ni mkulima. Mikono yake iko kwenye udongo, kwenye ndoo na kwenye mpini wa jembe. Muuzaji akazisogeza safaya pembeni kwa ajili ya bei, akaishika zirkonia kana kwamba inamchafua, akasema, "Boss, hii ni glasi ya kiwandani. Chukua topazi, ni jiwe la asili limetoka ardhini." Bwana harusi akalipa. Ni muuzaji huyohuyo wa kila duka, na ni sentensi hiyohiyo ambayo nimekuwa nikiipinga katika safu hii mwaka baada ya mwaka.

Kwanza, zirkonia si glasi. Ni fuwele ya oksidi ya zirkoniamu, na kuitengeneza kulihitaji akili kubwa. Oksidi hiyo huyeyuka kwenye joto la takriban nyuzi 2,700 za Selsiasi, na hakuna chungu cha kawaida kinachostahimili joto hilo. Wanasayansi wa Kisovyeti wa Taasisi ya Lebedev mjini Moscow wakaufanya unga wenyewe uwe chungu: mabomba ya shaba yanayopitisha maji baridi huzunguka unga, mawimbi ya redio huyeyusha sehemu ya ndani, na ganda la nje linabaki gumu na kuushikilia uji huo. Huongezwa kiasi cha oksidi ya itriamu ili fuwele isibadilike umbo inapopoa. Kuanzia 1976 mawe hayo yakauzwa duniani kote. Warusi wanayaita fianiti, kwa kifupi cha jina la taasisi hiyo. Kuiita kazi hiyo glasi ni kuwakosea heshima waliofanya jambo ambalo hakuna duka la vito lingeliweza.

Pili, asili ya jiwe haisemi chochote kuhusu namna litakavyoirudisha nuru. Hilo huamuliwa na uwezo wa jiwe kuipinda nuru. Almasi ina kipimo cha 2.42. Zirkonia ina karibu 2.16, safaya 1.77, na topazi 1.62. Tofauti hizi zinaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini chini ya jiwe ni kubwa mno. Jiwe la duara lililokatwa kwa mtindo wa almasi lina nyuso za chini zilizoinama kwa nyuzi 41 hivi. Nuru inayoshuka wima kutoka juu inagonga nyuso hizo kwa pembe hiyohiyo ya 41. Ili irudi juu kwenye jicho, pembe hiyo lazima ipite kiwango fulani, na kila jiwe lina kiwango chake. Almasi inahitaji nyuzi 24 na ushee tu. Zirkonia inahitaji karibu 28, safaya 34 na nusu, topazi 38.

Fanya hesabu hiyo uone topazi ilivyobanwa. Almasi ina nafasi ya nyuzi 17, zirkonia 13, safaya karibu 7, na topazi 3 tu. Maana yake ni kwamba topazi iliyotazamwa wima chini ya taa ya duka inang'aa vizuri, lakini mwenye pete akigeuza mkono kidogo, nuru inapita chini na kuishia kwenye ngozi. Hapo katikati ya jiwe panaonekana kidole badala ya mng'aro. Mkataji mwangalifu huongeza mwinamo wa nyuso za chini ili kupunguza tatizo hilo, lakini hawezi kuliondoa. Picha za harusi zinaonyesha jambo hilo waziwazi: pale mkono ulipoelekea kamera moja kwa moja jiwe linawaka, na pale bibi harusi alipoushika mkono wa mumewe, limefifia. Hii ilikuwa siku ya kwanza, jiwe likiwa halina mkwaruzo hata mmoja.

Ukitaka kujaribu mwenyewe kaunta, lichukue jiwe ambalo halijawekwa kwenye pete, uliweke uso mpana chini juu ya gazeti. Chini ya topazi utaona wino wa herufi, na mara nyingi utaweza kuzisoma. Chini ya safaya utaona kidogo. Zirkonia iliyokatwa vizuri haitakuonyesha karibu chochote. Kiganja nacho kina la kusema. Zirkonia ni nzito sana, mara 1.6 hadi 1.7 ya uzito wa almasi yenye ukubwa uleule, na mzoefu huitambua papo hapo. Topazi ina uzito karibu sawa na wa almasi, kwa hiyo wanaopima kwa kurusha jiwe kiganjani, tabia iliyozoeleka sana mjini, hawawezi kuzitenganisha kabisa.

Safaya nyeupe nayo isisifiwe kupita kiasi. Ni ngumu, inang'aa kwa weupe uliotulia, lakini miale ya rangi ni michache. Anayetaka kumeta kwa rangi kama almasi hataipata humo. Zirkonia ina kasoro ya upande wa pili: inatawanya rangi zaidi hata ya almasi, takriban 0.060 dhidi ya 0.044, na chini ya taa moja kali jicho lililozoea linaona upinde wa mvua mwingi kupita kiasi. Kwa milimita 8 hilo linaonekana. Ningeshauri 6 na nusu, ukubwa wa almasi ya karati moja, ambapo watu wengi hawatatambua.

Sasa ufa. Muuzaji alijitetea kwamba topazi ina ugumu wa 8 kwenye kipimo cha Mohs, na ni kweli. Chembe za kwatzi zilizo kwenye vumbi na udongo wa shamba zina 7, kwa hiyo hazilikwaruzi jiwe hilo kwa urahisi. Zirkonia iko hapohapo, kati ya 8 na 8.5. Safaya ina 9. Lakini kukwaruzika ni jambo moja na kupasuka ni jingine, na hapa ndipo wauzaji wanapowapoteza wateja. Fuwele ya topazi ina tabaka moja ambalo chembe zake zimeshikana kwa udhaifu, nalo limekatiza mhimili mrefu wa fuwele. Pigo dogo likitua sambamba na tabaka hilo, jiwe linagawanyika na kuacha uso laini kama uliosuguliwa. Wakataji wanalijua hili vizuri. Huinamisha uso mpana wa jiwe nyuzi chache kutoka kwenye tabaka, kwa sababu uso ulio sambamba nalo hausuguliki, unameguka tu. Safaya haina tabaka la namna hiyo, na zirkonia pia haina.

Ufa wa pete hii una sura hiyohiyo. Umenyooka, ni bapa, na ukigeuza jiwe chini ya lenzi unatoa mwako mmoja wa rangi kama mafuta juu ya maji, kwa sababu hewa nyembamba imeingia katikati. Unaanzia chini ya kucha moja, mahali ambapo pigo la nje lilihamishiwa kwenye ukingo wa jiwe. Ndoo, bomba, kitasa cha lango, chochote kati ya hivyo kingetosha. Makucha manne yaliyoinuka yalilisimamisha jiwe mahali pa kugongwa. Nimeandika mara nyingi kwamba mtindo huo ni wa mikono ya ofisini, na sitaacha kuandika.

Masonara wa Kihindi wa mtindo wa kundani hawangefanya hivyo. Wao hulizika jiwe ndani ya kikombe, dhahabu safi ikisukumwa kwa mkono kuzunguka ukingo wote, na nyuma yake huwekwa karatasi nyembamba ya madini inayorudisha nuru iliyopenya. Walijua kwamba jiwe lenye upindaji mdogo linahitaji msaada wa nyuma na ulinzi wa pembeni, wakampa mteja vyote viwili. Leo tuna taa za kisasa na mashine za leza, na tunauza topazi iliyo uchi juu ya makucha.

Kwa mteja huyu, aliyetaka sura ya almasi, jibu lilikuwa zirkonia ya milimita 6 na nusu ndani ya kikombe. Kingo za nyuso zake zitaanza kulainika baada ya miaka kadhaa ya kazi za shamba, na mng'aro utapungua. Hapo fundi analitoa jiwe na kuweka jingine la kipimo hichohicho kwa gharama ndogo, pete ikibaki ileile. Kama angetaka jiwe lisiloguswa na miaka, na akakubali mng'aro mtulivu, basi safaya nyeupe, hata ile ya kutengenezwa kwa njia ya Verneuil iliyojulikana tangu 1902, ambayo ni rahisi kwa bei na ina ugumu uleule wa 9. Safaya hiyo ya kutengenezwa muuzaji hakuitaja kabisa. Topazi ibaki kwenye hereni na mikufu, ambako haigongwi na mtu haitazami kwa kuiinamisha.

Pete hii sasa isitiwe kwenye mashine ya kusafishia ya mitetemo wala isipashwe moto jiwe likiwa ndani, kwa kuwa ufa utakimbia hadi upande wa pili. Jiwe litolewe kwanza, makucha yakatwe, kikombe kijengwe. Nawe uliye na pete ya topazi nyeupe hapo nyumbani, ivue kabla ya kushika jembe, na uipeleke kwa fundi mwenye lenzi aangalie chini ya kila kucha.