Uso mkavu wa Bud Abbott

Katika kichekesho cha besiboli cha Wamarekani Bud Abbott na Lou Costello, Abbott hatamki hata mzaha mmoja. Anataja tu majina ya wachezaji wa timu: wa besi ya kwanza anaitwa Nani, wa pili Nini, wa tatu Sijui. Costello anauliza nani yuko besi ya kwanza. Abbott anamjibu ndiyo. Kuanzia hapo kila jibu la Abbott ni la kweli, na kila jibu linazidi kumchanganya mwenzake.

Ujanja wa kwanza ni kwamba Abbott hafichi kitu. Mwanzoni kabisa anatuonya kuwa wachezaji wa siku hizi wana majina ya ajabu, kwa hiyo sisi tumeshaelewa kabla Costello hajaanza kutokwa jasho. Hatucheki fumbo, tunamcheka mtu anayeligonga kichwa kwa kichwa. Hata Abbott anapofafanua kwamba hilo ndilo jina la mtu, Costello anauliza ni jina la nani, naye anajibiwa tena ndiyo. Ufafanuzi wenyewe umegeuka swali jipya.

Sasa tazama anachofanya Costello. Anapiga kelele, sauti inapanda, anarukaruka. Hasira hiyo ndiyo inayolifanya lile "ndiyo" kavu lichekeshe. Likitamkwa mbele ya mtu mtulivu, halina kitu. Kisha, karibu na mwisho, Costello anasimulia mpira unavyorushwa kutoka kwa mchezaji mmoja hadi mwingine, na majina yote anayapatia bila kujua anasema nini. Abbott anakubali kwa furaha ya dhati. Kicheko cha hapo ni cha wote wawili.

Abbott angetabasamu mara moja tu, kila kitu kingeharibika: tungemwona anamchezea mwenzake makusudi, tukamhurumia Costello. Ndiyo sababu kazi hii huwashinda wengi. Anayeifanya lazima asikie kicheko na kujifanya hakipo, aachie kipande kinachofuata kicheko kikianza kushuka, si kikiwa kileleni wala kikishakufa. Na akiona mwenzake amepotea, amrudishe njiani kwa swali ambalo mtazamaji hatalishuku. Kichekesho hiki walikirefusha na kukifupisha kadiri walivyotaka. Usukani ulikuwa kwa Abbott.

Redioni, katika kipindi cha Kate Smith mwaka 1938, sauti zao zilionekana kufanana mno, na Costello akaikweza yake iwe nyembamba. Aliyebadilika ni mcheshi. Abbott alibaki palepale.

Wenye majumba ya burleski walikotokea walijua thamani ya mtu wa uso mkavu. Huko wawili hao waligawana malipo asilimia 60 kwa 40, na fungu kubwa lilikuwa la Abbott. Filamu zilipowapa umaarufu, Costello alidai mgawo ugeuzwe.