Kabla ya Kukokotoa

Mwalimu mmoja mzee wa hisabati aliandika mlinganyo ubaoni, kisha akaiweka chaki chini. Wanafunzi walikuwa wameshaanza kukokotoa. Yeye aliendelea kuutazama upande wa kulia wa mlinganyo, pale kwenye nukta ya kuanzia, akipima kama hapo patapita njia moja au nyingi. Ufundi huo wa kusita ndio ninaousifu, kwa kuwa naona unatutoka.

Mlinganyo ulihusu ndoo iliyotoboka kitako. Kwa kanuni ya Torricelli, kimo cha maji h hushuka kwa kasi inayofuata kipeuo chake cha pili. Tukichagua vipimo vizuri, h′ = −√h. Anza na kimo cha 4: jawabu ni h = (4 − t)²/4. Ikifika t = 4 ndoo imekwisha maji, na hubaki tupu. Njia ni moja tu.

Sasa geuza swali. Umeikuta ndoo tupu saa sita mchana. Maji yaliisha lini? Labda saa tano, labda alfajiri, labda hayakuwahi kutiwa kabisa. Kila moja ya historia hizo inautii mlinganyo uleule na kupita kwenye nukta ileile.

Giuseppe Peano alionyesha mwaka 1890 kwamba upande wa kulia usipokatika, jawabu lipo, angalau kwa muda mfupi. √h haikatiki. Upekee ndio unaodai zaidi, na hapo huja sharti la Rudolf Lipschitz wa Bonn: tofauti ya kasi, ikigawanywa kwa tofauti ya kimo, isivuke kiwango fulani. Linganisha kimo cha 0 na cha 0.0001: kasi ni 0 na 0.01, uwiano 100. Shuka hadi 0.000001, uwiano unakuwa 1,000, na hauna mwisho wa kupanda. Sharti likivunjika, si lazima njia ziwe nyingi. Kwenda mbele, ndoo tupu hubaki tupu tu. Lakini dhamana imeondoka, na ni lazima mtu aangalie mwenyewe. Kwa h′ = −h uwiano ni 1 daima; maji hayo yangepungua bila kuisha, na njia zake hazigusani kamwe.

Siku hizi mlinganyo hutiwa kwenye programu kabla haujatazamwa. Urudishe muda nyuma, y′ = √y, uanzie 0: programu hupiga hatua kwa kasi ya sifuri na kubaki sifuri muda wote. Anzia 0.0000000001, na kwenye t = 10 itakupa karibu 25. Jaribio hilo dogo lingetosha kumshtua mtu. Nimeziona kazi zenye mstari mmoja uliolala juu ya sifuri, umechorwa kwa rangi za kupendeza, na hakuna aliyeusogeza mwanzo hata kidogo. Darasani nako nadharia ya kuwapo na upekee hutajwa kwa sentensi moja na kurukwa, kwa sababu mtihani huuliza jawabu ni lipi, hauulizi yako mangapi.