Aliachwa na Watoto Watatu

Kati ya sisi tunaoandika Kiswahili na kutuma kazi kwa wahariri wasiokisoma, kuna ushauri mmoja unaopitishwa kama dawa ya kikohozi: kabla hujaipa mashine hadithi yako iitafsiri, isafishe. Kata sentensi zinazoburuta. Ondoa kauli ya kutendwa. Kiingereza kitatoka safi. Mimi hulipwa kufanya huo usafi, si pesa nyingi, lakini zinatosha kuniweka karibu na rasimu za watu wengi, na nimeanza kuamini kwamba ushauri huu ni mzuri ila umekuja kwetu bila kufunguliwa na kuangaliwa ndani.

Haukuzaliwa kwa hadithi. Miaka ya 1970 kampuni ya Caterpillar, ile ya matingatinga, ilitengeneza Kiingereza chake kilichopunguzwa ili fundi yeyote aelewe kitabu cha mashine. Watu wa ndege nao wakaja na chao, ambacho leo kinaitwa ASD-STE100. Humo sentensi ya maagizo haitakiwi kuzidi maneno 20, ya maelezo maneno 25, na maagizo hutolewa kwa kauli ya kutenda. Ukiwa unaeleza jinsi ya kufunga nati kwenye bawa la ndege, sina la kuongeza. Lakini ona kwanza hesabu yenyewe. "Hatukumwambia" ni neno moja kwetu. Kiingereza kinahitaji matano. Mtu anayekata Kiswahili kila anapofika neno la 20 anapima unga kwa rula.

Wacha nichukue kifungu kimoja. Mwenye hadithi ameniruhusu nikitumie bila jina lake. Alikuwa na wiki moja kabla ya dirisha la kutuma kazi kufungwa, jarida lilitaka Kiingereza pekee, na pesa ya mtafsiri hakuwa nayo. Aliandika hivi:

"Nafula aliachwa na watoto watatu Barasa alipoenda Qatar, akauza mandazi pale stejini hadi kibanda kikachomwa usiku, akamwita dada yake wakae chumba kimoja, akaanza kukohoa mwezi wa kumi lakini hakuambiwa chochote na hospitali, Desemba akafiwa."

Mimi naipenda hiyo sentensi. Inakimbia kama mtu anayesimulia huku akiogopa atalia akisimama. Mashine haikuipenda. Kiingereza kilichotoka kilisema watoto watatu ndio waliomwacha Nafula, kwamba Nafula ndiye aliyekohoa, na mwishoni ni Nafula aliyekufa. Hadithi ilikuwa imemzika mtu asiye wake.

Mwandishi alikuwa tayari amejaribu dawa. Alikuwa ameweka nukta kila mahali palipokuwa na koma, akapata sentensi fupi fupi: "Akauza mandazi pale stejini. Akamwita dada yake. Akaanza kukohoa mwezi wa kumi." Matokeo yakawa mabaya zaidi. Nafula akageuka mwanamume katikati ya aya, na sentensi moja ikaja katika wakati uliopo, kana kwamba mandazi yanauzwa sasa hivi.

Sababu si siri. Mashine nyingi za kutafsiri zilijengwa kusoma sentensi moja moja. Ukiikata sentensi kutoka kwa jirani yake, inabaki na kile tu ulichoiachia ndani. Na ndani ya "akauza" hakuna mengi. Ile "a" haisemi kama ni mwanamke au mwanamume, kwa hivyo mashine inakisia, na mara nyingi inakisia mwanamume. Ile "ka" nayo haina wakati wake yenyewe. Inaazima wakati kutoka kwa kitenzi kilichotangulia, ile "aliachwa" ya mwanzoni. Ukiitenga, imebaki na deni na aliyeikopesha hayupo.

Hapa ndipo naona ushauri unakosea kuhusu lugha yetu. Mlolongo wa "ka" si kosa la uandishi. Ndivyo Kiswahili kinavyosimulia: mtu akaamka, akanawa, akatoka, akapanda matatu. Mradi ni mtu yuleyule, nimeona mashine zikiubeba mlolongo wa vitenzi vitano bila shida. Tatizo linaanza mtu anapobadilika na sentensi haisemi. Kwa Nafula, kufikia "akamwita dada yake" kuna wanawake wawili, na "akaanza kukohoa" inaweza kuwa ya yeyote kati yao. Kusema ukweli, hata mimi niliisoma mara mbili. Kwa hivyo sihesabu maneno tena. Ninapita na kidole nikiuliza kila kitenzi ni cha nani, na nakata pale tu jibu linapobadilika. Nikishakata, nafanya mambo mawili papo hapo: narudisha jina, na nabadilisha "ka" ya kwanza baada ya nukta iwe "li". "Akaanza kukohoa" inakuwa "Yule dada alianza kukohoa."

Ukitaka kujua mashine yako inasoma kwa upana gani, ipe "Aliuza mandazi" peke yake, uone imechagua jinsia gani. Kisha itangulizie sentensi inayosema Nafula ni mama wa watoto watatu. Jinsia ikibadilika, inasoma jirani. Baadhi ya mpya husoma aya nzima, na hizo unaweza kuzikatia kidogo zaidi. Usichukulie hivyo kabla hujajaribu.

Kauli ya kutendwa ni kesi tofauti, na hapa mshtakiwa wa kweli ni neno moja dogo: "na". Katika Kiswahili "na" hutaja mtenda, na "na" hiyohiyo hutaja uliye naye. "Aliachwa na watoto watatu" inaweza kuwa watoto walimwacha, au aliachwa akiwa nao. Msomaji wa Kisumu au Kilifi anajua, kwa sababu anamwona Barasa akipanda ndege kwenye sentensi hiyohiyo. Mashine huona umbo: kitenzi cha kutendwa, kisha "na", kisha watu, na inaamua kwamba hao watu ndio watenda. Hapo kauli ya kutenda inasaidia kweli. "Barasa alimwachia Nafula watoto watatu" haina mlango wa pili wa kutokea.

"Akafiwa" nayo ni mtego, ingawa wa aina nyingine. Ni kitenzi kizuri sana. Kinasema mtu amekufa lakini kinamtazama aliyebaki. Kiingereza hakina kitenzi chepesi cha namna hiyo, basi mashine inashika mzizi wa kufa na kumtwika mtu wa kwanza inayemwona. Hapa sina ujanja: kwa ajili ya mashine naandika "dada yake Nafula alifariki", nikijua nimegeuza uso wa sentensi kutoka kwa mfiwa kwenda kwa maiti.

Lakini sasa kuna "kibanda kikachomwa usiku." Rafiki wa mwandishi, aliyeshika ushauri kama amri, alikuwa ameibadilisha kuwa "watu walichoma kibanda." Watu gani? Hadithi haisemi popote. Majirani wote wanajua ni nani na hakuna anayetaja jina, na huo ukimya ndio unaomfanya Nafula amwite dada yake asilale peke yake. Ukiweka "watu", umetengeneza genge ambalo halikuwepo. Na mashine haikuwa na shida na hiyo sentensi. Hakuna "na" inayofuata kitenzi, hakuna mtenda wa kuchanganya, na Kiingereza kina kauli yake ya kutendwa inayoficha vilevile. Niliirudisha jinsi ilivyokuwa. Wengine hukosea upande wa pili: wanafagia pia "kiliungua" na "kilivunjika" wakidhani ni kauli ya kutendwa. Si hivyo. Kibanda kilichoungua huenda ni jiko. Kibanda kilichochomwa kina mtu nyuma yake.

Sasa hii ndiyo nakala niliyoipa mashine:

"Barasa alienda Qatar akamwachia mke wake Nafula watoto watatu. Nafula aliuza mandazi pale stejini hadi kibanda chake kikachomwa usiku. Nafula alimwita dada yake waishi pamoja katika chumba kimoja. Mwezi wa Oktoba yule dada alianza kukohoa. Hospitali haikumwambia Nafula chochote. Mwezi wa Desemba dada yake Nafula alifariki."

Kiingereza kilitoka sawa. Watu watatu, kila mmoja na jinsia yake, na aliyekufa ndiye aliyekufa. Lakini soma hicho Kiswahili kwa sauti. Ni taarifa ya kituo cha polisi. Nafula, Nafula, Nafula. Pumzi ya kifungu imekatika, na hatujui tena nani alikuwa anaogopa kulia.

Ndiyo maana ninabishana na wateja kuhusu faili. Nakala ya mashine ni kama jukwaa la mbao la fundi, unalibomoa nyumba ikiisha. Iite jina lingine, iweke folda nyingine. Nimekutana na mtu aliyefurahi Kiingereza kimetoka vizuri, akaifuta rasimu ya kwanza na kubaki na ile iliyokatwakatwa kama hadithi yake ya Kiswahili, kisha akaipeleka kwenye shindano la Kiswahili. Huyo alikuwa amewaandikia majaji kwa lugha aliyoipangia mashine.

Na ukaguzi? Wengi hurudisha Kiingereza kwenye mashine kigeuzwe Kiswahili tena, kisha wanalinganisha. Nilifanya hivyo na sentensi ya kwanza kabisa, ile mbovu. Kiingereza kilichosema watoto walimwacha mama yao kilirudi hivi: "Aliachwa na watoto watatu." Neno kwa neno! Kosa lilipita kwenye "na" likienda na likapita kwenye "na" hiyohiyo likirudi. Nafula aliyegeuzwa mwanamume naye alirudi akiwa "a", salama kabisa kwa macho. Njia hiyo inaficha makosa mawili hasa tunayoyatafuta. Kinachosaidia ni kusoma Kiingereza peke yake, bila Kiswahili mbele yako, na kuandika pembeni: kuna watu wangapi, nani mwanamke, nani alifanya nini, nani yuko hai mwishoni. Kisha fungua rasimu ya kwanza ulinganishe orodha.

Mwandishi wa Nafula alifanya hivyo, halafu akafanya kitu ambacho sikumwambia. Alikaa na zile sentensi sita za Kiingereza, rasimu yake ya kwanza ikiwa kando, akaanza kuziunganisha tena kwa mkono wake. Alitoa majina yaliyorudiwa pale ambapo Kiingereza sasa kilijua ni nani, akaweka koma mahali pa nukta, na kifo cha dada akakisogeza nyuma ili Nafula awe wa mwisho kuonekana. Zilibaki sentensi mbili. Ile ya pili ndefu sana, yenye "kikachomwa" yake katikati, na hakuna aliyetajwa. Kazi hiyo ilimchukua usiku mzima na bando lote, na mimi nilimtoza kwa ile nusu ya kwanza tu.