Zombi Mtumwa na Zombi Mlaji: Maiti Hai kama Sitiari ya Jamii katika Filamu

Wahakiki wengi huizungumzia filamu ya maiti hai kana kwamba ilizaliwa na George Romero mwaka 1968. Msimamo huo unasahau kwamba zombi wa awali hakula mtu; alifanya kazi. Katika *White Zombie* ya Victor Halperin (1932), ambayo mandhari yake ni Haiti, wafu huzungusha kinu cha miwa usiku kwa amri ya bwana wao, Legendre. Mmoja anatumbukia ndani ya kinu. Wenzake hawageuki kumtazama, wala kinu hakisimami. Haiti ilikuwa chini ya majeshi ya Marekani tangu 1915, na wakulima wake walikuwa wameshurutishwa kujenga barabara. Hata hivyo, filamu inaikwepa maana ya kinu chake yenyewe: huruma yake yote inamwendea bibi harusi Mzungu aliyegeuzwa zombi, na wasaga miwa wanasahaulika.

Msukule wa masimulizi ya Tanzania ni ndugu wa zombi huyu. Watu wamemlia na kumzika, kumbe yuko shambani kwa mchawi, akilima usiku bila ulimi wa kusema, akilishwa pumba. Masimulizi hayo, kwa hakika, yanauliza mali ya jirani imetoka kwenye jasho la nani.

Romero alimwondoa bwana. Katika *Night of the Living Dead* neno zombi halitamkwi kabisa. Wafu hawatumwi na mtu, wanakula tu. (Kufikia *Dawn of the Dead*, 1978, wanazurura madukani kwa mazoea ya uhai wao, na kejeli hapo ni wazi mno.) Lakini uzito wa filamu ya 1968 umo katika hitimisho lake. Ben, mhusika aliyeigizwa na Duane Jones, Mmarekani mweusi, ananusurika usiku kucha. Asubuhi anapigwa risasi na kundi la raia wenye bunduki waliomdhania kuwa mfu, kisha maiti yake inateketezwa pamoja na ya wafu. Hakuna katika kundi hilo anayemwita kwanza aone kama atajibu.

Mtazamaji wa Itumbe, au wa kwingineko Gusii, hawezi kuutazama moto huo kama ubunifu mtupu. Mwezi Mei 2008, watu 11 waliteketezwa na umati katika eneo la Kisii kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wakongwe. Hapo ndipo sitiari ya msukule inapopinduliwa. Masimulizi humshtaki aliyetajirika kwa jasho la wengine. Umati huwaendea vikongwe wasio na shamba kubwa wala kinu. Halperin aliuona mtambo unaomla mtu, akageuza kamera. Romero aliielekeza kamera kwa wale walioshika kiberiti, wakicheka na kunywa kahawa yao.